Katoni Iliyoingia Jana

Wenye maduka wengi wanaijua kanuni moja ya kupanga bidhaa, na wengi wao waliijua bila kufundishwa: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mzigo mpya unawekwa nyuma, wa zamani unavutwa mbele. Kwa chumvi, misumari au ndoo za plastiki, kanuni hiyo inatosha kabisa. Kwa bidhaa yenye tarehe ya mwisho wa matumizi haitoshi, kwa sababu mzigo haufiki dukani kwako kwa kufuata umri wake. Unafika kwa kufuata jinsi bohari ya mtu mwingine ilivyopangwa, au ilivyoshindwa kupangwa.

Fuatilia katoni moja ya maziwa ya pakiti tangu kiwandani. Inakwenda kwa wakala mkubwa, kutoka kwa wakala inakwenda kwa muuzaji wa jumla, kisha inapanda pikipiki au guta hadi dukani kwako. Kila kituo kina rundo lake, na kila rundo lina vijana wa kupakia ambao huchukua katoni iliyo karibu na mlango. Wiki hii wakachukua ya juu, iliyoshushwa juzi. Baada ya wiki mbili rundo limepungua, wakafika chini, wakachukua ile iliyolala pale miezi mitatu. Kwako wewe, katoni ya pili ndiyo mpya. Imeingia jana, ina gundi safi, haina vumbi. Lakini ndiyo itakayokufa kwanza.

Mara nyingine hali hiyo haitokani na bahati mbaya. Muuzaji wa jumla akiona tarehe inakaribia hushusha bei, na mteja wake wa rejareja hufurahia ofa bila kuuliza imetoka wapi. Hakuna ubaya wa kununua mzigo wa tarehe fupi kwa bei nzuri, mradi unajua kwamba umenunua muda pungufu, na ukifika nao dukani usiupange nyuma kwa sababu tu ndio ulioingia mwisho.

Kwa hiyo kanuni ya bidhaa zenye tarehe ni nyingine: kinachoisha muda mapema ndicho kitoke mapema, hata kama kiliingia leo asubuhi. Watunza stoo wa dawa katika zahanati na vituo vya afya wanafanya kazi kwa kanuni hii. Katika kumbukumbu zao za stoo, kila dawa huandikwa namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, na kopo la tarehe ya karibu hutangulia dirishani bila kujali lilipokelewa lini. Duka la vyakula halihitaji makaratasi yote hayo. Linahitaji mambo mawili tu kutoka kwao: tarehe isomwe mlangoni, na rafu ipangwe namna ambayo mkono wa muuzaji hauwezi kukosea.

Tuanze mlangoni. Tarehe husomwa kabla ya kutia saini hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu baada ya saini katoni ni yako. Muuzaji makini humwambia mleta mzigo, "Kaka, hebu nifungulie hii niione tarehe," naye hafungui moja tu ya juu. Katoni zilizofungwa pamoja zinaweza kuwa za bechi mbili. Hata ndani ya katoni moja, ikiwa gundi imerudiwa au utepe umebandikwa upya, huenda mtu alichanganya pakiti za mizigo miwili ili kujaza idadi. Tarehe iliyo nje ya katoni ni ya kukuelekeza; ya kuamua ni ile iliyo kwenye pakiti yenyewe.

Kusoma tarehe kunaonekana kazi ndogo mpaka ukutane na pakiti iliyoandikwa EXP 05/08/2026. Je, ni tarehe 5 Agosti au 8 Mei? Kwa kawaida yetu ni 5 Agosti, kwa maana siku hutangulia mwezi. Bidhaa iliyofungwa kwa ajili ya soko la Marekani hutanguliza mwezi, na hapo ni 8 Mei. Tofauti ni karibu miezi mitatu, na pakiti ikipangwa kwa kukisia itakaa mahali pasipo pake muda wote huo. Jibu mara nyingi liko papo hapo kwenye pakiti. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, iliyoandikwa MFG au PD. Ikisomeka 11/20/2025, basi mwezi umetangulia, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini, na tarehe ya mwisho nayo isomwe hivyo hivyo. Kama tarehe zote mbili zinakubali kusomwa kwa njia zote mbili, chukua ile ya karibu zaidi na uipange kwa hiyo. Ukikosea kwa upande huo, hasara ni kuuza mapema kitu ambacho kingeweza kungoja.

Baadhi ya bidhaa huandikwa mwezi na mwaka tu, kwa mfano 06/2026. Kanuni za kimataifa za lebo za vyakula, zinazoitwa Kodeksi, zinaruhusu hivyo kwa chakula kinachodumu zaidi ya miezi mitatu, na maana yake ni mwisho wa mwezi huo, yaani tarehe 30 Juni. Nyingine hazitoi tarehe ya mwisho moja kwa moja. Zinasema bidhaa ni bora kwa miezi 6 tangu ilipotengenezwa, kisha unaachiwa hesabu. Unga na viungo vya kufungwa hapa nchini huwa hivyo mara nyingi. Unga uliosagwa tarehe 14 Februari unakwisha tarehe 14 Agosti, na hesabu hiyo ifanywe mara moja tu, siku ya kupokea, kisha jibu liandikwe kwa kalamu nene ubavuni mwa bandali. Hakuna mtu atakayeirudia hesabu hiyo saa moja jioni wakati wateja wamepanga foleni.

Kuna pia aina mbili za tarehe, na ni vizuri kuzitenganisha kichwani. Moja inahusu ubora: hadi siku hiyo mtengenezaji anasimama nyuma ya ladha, harufu na uthabiti wa bidhaa yake. Nyingine inahusu usalama au lishe: baada ya siku hiyo chakula kisiliwe. Kwa kazi ya kupanga, zote mbili zinafuata kanuni moja; iliyo karibu inatangulia. Tofauti inaonekana tarehe ikishapita. Kwenye kabati lako la jikoni, biskuti zilizopita tarehe ya ubora kwa wiki moja, kavu na zisizo na harufu, unaweza kuziamulia mwenyewe. Dukani huna uhuru huo, kwa sababu anayekula ni mtu mwingine na amekulipa.

Tarehe ikishasomwa, inakuja rafu, na hapa ndipo ushauri wa vitabu vya nje unapowapoteza watu wetu. Vitabu hivyo husema: ya zamani mbele, mpya nyuma. Mbele ya nani? Katika supamaketi, mteja huchukua mwenyewe, kwa hiyo mbele ni upande wa mteja. Katika duka la mtaani lenye dirisha la nondo au kaunta, mteja haigusi rafu. Anataja anachotaka, na muuzaji ananyoosha mkono. Mbele ya duka la namna hiyo ni pale mkono wa muuzaji unapofika kwanza, akiwa amesimama mahali pake pa kawaida, akiwa na haraka, pengine akiwa amebeba chenji mkono wa pili. Ukitaka kujua duka lako lina mbele yake wapi, simama nyuma ya kaunta na umwangalie anayeuza kwa nusu saa. Utaona mkono unakwenda mahali pale pale kila mara: kimo cha kifua, upande wa kulia, pakiti ya ukingoni. Hapo ndipo tarehe ya karibu inapopaswa kukaa. Ikiwa mnauza wawili kwa zamu, na mmoja anatumia mkono wa kushoto, mkubaliane upande mmoja na muuandike kwenye rafu yenyewe.

Duka la kaunta lina mtego wake ambao supamaketi haina. Pakiti zilizopangwa dirishani ili wapita njia wazione haziuzwi. Mteja akiomba majani ya chai, muuzaji anachukua za rafuni na za dirishani zinabaki, kwa sababu kuzitoa kunaharibu pambo. Zinapigwa jua miezi, rangi inafifia, na tarehe inapita huku kila mtu akiziona kila siku. Dawa yake ni kwamba kila mzigo mpya ukifika, pakiti za dirishani zishuke ziuzwe na nafasi yao ichukuliwe na zenye tarehe ndefu kuliko zote. Kwa bidhaa zinazoharibiwa na jua, kama mafuta ya kula, siagi ya kopo na chokoleti, dirishani pawekwe makopo na maboksi matupu.

Vipaketi vinavyoning'inizwa kwa mkanda, kama viungo vya pilau au kahawa ya unga, vina mtego unaofanana na huo. Mkanda mpya ukitundikwa kwenye msumari ule ule, juu ya ule wa zamani, muuzaji ataukata mpya kila mara. Mkanda wa zamani utolewe kwanza, mpya uende msumarini, kisha wa zamani urudi juu yake. Kazi hii ni ya sekunde chache, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Marundo ya wima yana tatizo gumu zaidi, kwa sababu maumbile yake yanapingana na kanuni. Bandali za unga na katoni za juisi zikipangwa moja juu ya nyingine, iliyotangulia iko chini na haiwezi kutoka mpaka zote za juu yake zitoke. Mzigo mpya ukifika kabla rundo halijaisha, unawekwa juu, na ile ya chini inasahaulika. Wapo wanaoshauri kupindua rundo zima kila mzigo unapofika. Sijaona duka lililoweza kuishi hivyo kwa muda mrefu. Bandali ni nzito, na siku ya mzigo ndiyo siku yenye kazi nyingi. Njia inayodumu ni marundo mawili juu ya chaga, yakiwa na nafasi kati yake. Rundo moja ni la kuuza, jingine ni la kupokea. Mzigo mpya hauruhusiwi kugusa rundo la kuuza hata kama limebaki na bandali moja. Likiisha, majukumu yanabadilishana. Na kama mzigo mpya una tarehe fupi kuliko uliopo, ndipo tu unapopanda juu ya rundo la kuuza, kwa sababu sasa juu ndiko kunakotangulia.

Ukiwa na sembe na dona, zipe marundo tofauti na usizipimie kwa muda mmoja. Dona imesagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini kina mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa na joto huchacha, unga ukapata harufu kali na uchungu. Sembe imeondolewa kiini hicho kabla ya kusagwa, ndiyo maana huvumilia zaidi. Bandali mbili zilizosagwa siku moja zinaweza kuwa na tarehe za mwisho zilizoachana kwa majuma mengi, na inayofuatwa ni tarehe, wala si siku ya kusagwa.

Bidhaa za kupima hazina tarehe kabisa. Maharage, mchele, choroko na karanga hufika katika gunia, humwagwa katika ndoo au sanduku la mbao, na huuzwa kwa kilo. Hapa lipo kosa moja ambalo limeenea kuliko yote, nalo ni kumwaga mapya juu ya yaliyobaki. Muuzaji anachota kutoka juu. Ndoo ikifika robo inajazwa tena. Maharage yaliyo chini kabisa yanaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, ingawa duka linauza maharage kila siku. Hayo ya chini ndiyo makao ya fukusi. Katika joto letu, tangu yai hadi mdudu mzima inachukua takribani mwezi mmoja, kwa hiyo mabaki ya miezi mitatu yana nafasi ya kutoa vizazi viwili au vitatu, na kila gunia jipya linalomwagwa juu yake linaambukizwa siku ile ile linapofunguliwa. Dalili ni unga mwepesi chini ya ndoo, matundu ya duara kwenye punje, na joto kidogo unapoingiza mkono katikati.

Ndoo ya kupima ni lazima ifike mwisho. Yaliyobaki yamwagwe kwenye beseni, ndoo ifutwe ikauke, mapya yaingie, na ya beseni yawekwe kwenye mfuko yauzwe kwanza. Juu ya ndoo bandika kipande cha karatasi chenye tarehe ya kufungua gunia. Hiyo ndiyo tarehe ya pekee utakayokuwa nayo, na kwa bidhaa za namna hii ile kanuni ya kilichotangulia kuingia inarudi na kufanya kazi vizuri, kwa kuwa hakuna kipimo bora zaidi.

Sasa tuitazame hesabu, kwa sababu mpaka hapa mtu anaweza kudhani tofauti kati ya kanuni mbili ni ndogo. Chukua duka la mfano, siku ya tarehe 1 Juni 2026, lenye pakiti 108 za maziwa ya nusu lita ya aina moja. Ni yale yaliyopashwa moto mkali, zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, na kufungwa katika pakiti isiyopitisha hewa wala mwanga, yasiyohitaji friji kabla ya kufunguliwa. Duka linauza pakiti 2 kwa siku. Pakiti hizo zimetokana na mizigo mitatu. Wa kwanza kuingia ulikuwa na pakiti 36, mwisho wake tarehe 10 Julai. Ukafuata wa pakiti 48, mwisho tarehe 15 Agosti. Wa tatu umeingia jana, pakiti 24, na mwisho wake ni tarehe 20 Juni. Huo wa tatu ndio uliotoka chini ya rundo la wakala.

Mwenye duka mwangalifu anayefuata mpangilio wa kuingia ataanza na zile 36. Zitamfikisha tarehe 18 Juni. Kisha zile 48, zitakazomfikisha tarehe 12 Julai. Akigeukia mzigo wa tatu, ataukuta umekwisha muda tangu tarehe 20 Juni. Amepoteza pakiti zote 24, huku akiwa amepanga rafu yake vizuri, bila uvivu wowote.

Jirani yake ambaye hapangi kabisa, anayetupa mzigo mpya mbele, ataanza na 24 za jana na kuzimaliza tarehe 12 Juni. Zile 48 zitaisha tarehe 6 Julai. Zile 36 za kwanza zitakuwa zimebakiwa na siku nne tu, ziuzwe 8, na 28 zitupwe. Kwa mzigo huu, mpangaji wa mazoea na mtu asiyepanga wamepata hasara zinazokaribiana.

Anayefuata tarehe ya mwisho ataanza na 24, zitaisha tarehe 12 Juni. Atafuatisha 36, zitaisha tarehe 30 Juni, siku kumi kabla ya tarehe yake. Atamaliza na 48, zitakazoisha tarehe 24 Julai, wiki tatu kabla ya muda. Hakuna pakiti iliyotupwa. Wateja ni wale wale, bei ni ile ile, mzigo ni ule ule.

Weka fedha juu ya hesabu hiyo. Tuseme pakiti inanunuliwa kwa shilingi 1,500 na faida yake ni shilingi 200. Pakiti 24 zilizotupwa ni shilingi 36,000. Ili kuzirudisha kwa faida ya 200, inabidi ziuzwe pakiti 180, na kwa pakiti 2 kwa siku hizo ni siku 90 za kuuza maziwa bila kupata kitu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia pale ambapo kupanga hakuwezi kukuokoa. Badilisha jambo moja tu: mzigo wa jana uwe na mwisho wa tarehe 8 Juni. Zimebaki siku 8, pakiti 2 kwa siku, yaani zitauzwa 16 na zitabaki 8, hata ukizipanga mbele namna gani. Jambo hili linaonekana siku ya kupokea, na siku hiyo ndiyo yenye njia nyingi za kutokea. Unaweza kuukataa mzigo mlangoni. Unaweza kumpigia wakala, kwa kuwa mawakala wengine hukubali kubadilisha mzigo ikiwa tarehe haijapita, na karibu wote hukataa ikishapita. Au unaweza kushusha bei mara moja. Ukiuza zote 24 kwa shilingi 1,500 unakosa faida, lakini mtaji wote unarudi. Ukiziacha kwa bei ya kawaida unapata faida ya 3,200 kwenye zile 16 na kupoteza 12,000 kwenye zile 8. Umepungukiwa shilingi 8,800. Punguzo la bei linahitaji kusukuma mauzo kutoka pakiti 2 hadi 3 kwa siku, jambo ambalo bei ya chini na karatasi iliyoandikwa kwa mkono dirishani zinaweza kulifanya. Ukingoja hadi tarehe 8 Juni, hakuna bei itakayouza pakiti kumi kwa siku moja.

Na siku ya mwisho iliyoandikwa si siku ya mwisho ya kuuza. Mama anayenunua pakiti tatu za wiki nzima anahitaji siku za kuzitumia nyumbani. Kwa kila bidhaa weka siku za akiba kulingana na jinsi inavyotumika: mkate unaliwa leo na kesho, lakini kopo la maziwa ya unga ya mtoto hudumu siku nyingi baada ya kununuliwa, na lazima limalizike kabla ya tarehe. Muuzaji anayemwambia mteja, "Dada, hii inaisha mwisho wa wiki, utaitumia mapema?" hampotezi mteja huyo. Mteja anayefika nyumbani na kuigundua tarehe mwenyewe ndiye anayepotea.

Ili hesabu hii isikae kichwani mwa mtu mmoja, inatosha daftari la kawaida lenye ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Mzigo ukipokelewa, uandikwe kwenye ukurasa wa mwezi unaoishia, si wa mwezi ulioingia: jina la bidhaa, idadi, siku ya kuisha. Tarehe mosi ya kila mwezi fungua ukurasa wa mwezi huo na unaofuata, tembea na daftari kwenye rafu, hesabu zilizobaki, gawanya kwa mauzo ya siku. Kinachozidi siku zilizobaki kishushwe bei siku hiyo hiyo. Duka la mtaani lenye bidhaa mia mbili halitakuwa na zaidi ya mistari michache ya kushughulikia kila mwezi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa hutoka zenyewe kabla ya kukaribia tarehe. Zinazoumiza ni zile za polepole: siki, viungo adimu, jemu, chakula cha watoto, dawa ya kuua wadudu. Mkate haukuumizi sana, kwa maana unauangalia kila siku.

Lipo jambo moja ambalo daftari haliwezi kuliona. Tarehe ya kwenye pakiti ni ahadi yenye masharti, na masharti yake yameandikwa chini yake kwa herufi ndogo: hifadhi mahali pakavu na baridi, au weka kwenye friji. Mtindi ulioandikiwa wiki tatu uliandikiwa wiki tatu ndani ya friji. Umeme ukikatika usiku kucha, tarehe inabaki ile ile lakini mtindi haubaki ule ule. Kifuniko kilichovimba, maji yaliyojitenga kupita kawaida, au pakiti ya maziwa iliyofura kama mpira ni ushahidi wenye nguvu kuliko tarehe yoyote, na bidhaa hiyo iondolewe hata kama imebakiwa na miezi miwili. Katoni zilizopangwa moja kwa moja chini ya bati, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, huzeeka haraka kuliko zilizo kwenye rafu ya chini, ingawa ni za bechi moja. Ukiwa na mzigo wa bechi moja uliogawanyika namna hiyo, ule wa chini ya bati uuzwe kwanza. Na usipange katoni kugusa ukuta wala sakafu; unyevu hupanda kutoka kwenye saruji, na katoni ya chini huoza kabla ya kilichomo kufikia tarehe.

Kilichopita tarehe kitoke rafuni siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Kiwekwe kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakiuzwi, mbali na stoo ya mzigo mzuri. Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na mkaguzi akikuta pakiti iliyopita muda ikiwa rafuni hana sababu ya kuamini kwamba hukukusudia kuiuza. Usimpe kijana wa duka apeleke nyumbani kama zawadi, na usikubali mtu wa kununua kwa bei ya kutupa, kwa sababu anayefuta tarehe kwa spiriti na kuandika nyingine hupata bidhaa zake mahali fulani, na mahali hapo pasiwe dukani kwako. Toboa pakiti, mwaga kilichomo, haribu lebo.

Na ukiwa na muda wa kuanza na rafu moja tu leo, anza na ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Virutubisho vyake hupungua kadiri muda unavyokwenda, na mtoto anayeyategemea hana chakula kingine cha kufidia. Geuza kila kopo, soma tarehe ya chini, panga ya karibu pale mkono unapofika. Lililopita hata kwa siku moja lisiuzwe, na lisigawiwe kwa mtu yeyote.